Picha Isiyoenea Kwenye Kumbukumbu

Oktoba 2011 kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, ilitoa gemu iitwayo Rage. Walioicheza kwenye kompyuta waliona kitu cha ajabu mapema sana. Mchezaji akigeuka ghafla kutazama nyuma yake, kuta na miamba ilitokea kwanza ikiwa imefifia, kama imepakwa rangi kwa sifongo, haina nyufa wala kutu wala maandishi. Kisha, kipande baada ya kipande, vitu hivyo vikajitokeza mpaka ukuta ukakamilika. Wengi wakasema gemu ni mbovu. Kweli kulikuwa na hitilafu, nyingine zikitokana na draiva za kadi za michoro, na marekebisho yakatolewa. Lakini hata ilipofanya kazi kama ilivyokusudiwa, Rage haikuachana kabisa na tabia hiyo. Ilikuwa ikichora dunia yake kutoka kwenye picha ambayo haingeenea ndani ya kumbukumbu ya mashine yoyote ya nyumbani ya wakati ule, na mbinu iliyowezesha jambo hilo ina gharama yake.

Tuanze na picha yenyewe. Vitu vyote vinavyoonekana katika gemu ya pande tatu ni maumbo matupu yaliyovikwa picha. Picha hiyo huitwa tekscha, na kila nukta yake huitwa tekseli, kama vile nukta ya skrini inavyoitwa pikseli. Desturi ya miaka mingi ilikuwa kubana matumizi: ukuta mrefu unavikwa picha moja ndogo ya matofali inayorudiwa tena na tena, na jangwa zima linatandazwa kwa picha mbili tatu za mchanga. Jicho hutambua marudio hayo haraka. John Carmack, mhandisi mkuu wa id Software, alitaka kuyaondoa kabisa, ili msanii aweze kupaka doa la mafuta sakafuni mahali pamoja, na doa hilo lisionekane popote pengine duniani mwa gemu.

Ukitaka hivyo, kila sehemu ya dunia lazima iwe na tekseli zake yenyewe. Tekscha ya Rage ilikuwa mraba wenye tekseli 131,072 kila upande. Zidisha, utapata zaidi ya tekseli bilioni 17. Kila tekseli ikihifadhiwa kwa baiti nne bila kubanwa, picha hiyo inahitaji gigabaiti 64. Xbox 360, mojawapo ya mashine ambazo gemu ilitengenezewa, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512 kwa kila kitu: sauti, maumbo, hesabu za mwendo, na picha. Kwa hiyo tekscha ilizidi kumbukumbu yote mara 128.

Kilichoiokoa ni skrini. Rage kwenye mashine hizo ilichora picha ya hadi pikseli 1,280 kwa 720, yaani pikseli 921,600. Dunia iwe kubwa kiasi gani, skrini haiwezi kuonyesha nukta zaidi ya hizo kwa wakati mmoja. Mlima ulio mbali, hata kama una tekseli milioni mia, ukichukua pikseli elfu tano za skrini basi tekseli elfu tano hivi zinatosha, mradi ziwe zimepunguzwa vizuri. Kupunguza huko kulijulikana zamani. Mwaka 1983 Lance Williams alieleza namna ya kuiweka kila tekscha katika ngazi nyingi, kila ngazi ikiwa nusu ya upana wa iliyotangulia, ili kitu cha mbali kichorwe kutoka ngazi ndogo na cha karibu kutoka ngazi kubwa. Kilichobaki kilikuwa kujua ni vipande vipi, vya ngazi ipi, vinavyotakiwa na skrini sasa hivi, na kuvileta hivyo tu.

Hapo ndipo kurasa zinapoingia. Tekscha hukatwa vipande vya mraba vyenye tekseli 128 kila upande, na kila kipande huitwa ukurasa. Ngazi ya juu kabisa, yenye picha kali kuliko zote, ina kurasa 1,024 kwa 1,024. Inayofuata ina 512 kwa 512, na kuendelea mpaka ngazi ya 11, ambayo ni ukurasa mmoja tu uliobeba dunia nzima katika hali ya ukungu. Jumla ni kurasa karibu milioni moja na laki nne. Zote zinakaa kwenye diski. Ndani ya kumbukumbu ya chipu ya michoro pametengwa tekscha ya kawaida ya tekseli 4,096 kila upande, yenye nafasi za kurasa 1,024. Tuiite akiba.

Mwenye duka anayejua kazi yake hafanyi tofauti na hivyo: ghala liko nyuma, rafu ya mbele ina vile vinavyoulizwa leo, na daftari linaonyesha kipi kimewekwa wapi. Daftari la hapa ni jedwali la kurasa. Nalo ni tekscha ndogo, lenye mstari mmoja kwa kila ukurasa wa tekscha kubwa, na kila mstari unasema: ukurasa huu uko kwenye nafasi hii ya akiba, na ni wa ngazi hii.

Tufuatilie pikseli moja. Tuseme pikseli inaangukia sehemu ya ukuta ambayo mahali pake ndani ya tekscha kubwa ni 0.3 ya upana na 0.6 ya urefu, na umbali wake unadai ngazi kali kuliko zote. Zidisha kwa 1,024: unapata 307.2 na 614.4. Kwa hiyo ukurasa unaotakiwa ni wa 307 kwa 614, na ndani yake tumesogea sehemu 0.2 kulia na 0.4 chini. Chipu inasoma jedwali mahali hapo na kuambiwa kwamba ukurasa umewekwa kwenye nafasi ya 17 kwa 5 ya akiba. Nafasi ya 17 inaanzia tekseli ya 2,176, kwa sababu 17 mara 128 ni hiyo. Lakini si tekseli zote 128 za ukurasa zinazotumika. Pembeni kuna pindo la tekseli nne kila upande, na picha halisi ni ya tekseli 120 katikati. Basi tunaongeza nne za pindo, na 0.2 mara 120, yaani 24. Tumefika tekseli ya 2,204. Kwa upande wa pili, 5 mara 128 ni 640, ongeza nne, ongeza 48: tekseli ya 692. Rangi iliyopo hapo ndiyo rangi ya pikseli. Hesabu hii hufanyika kwa kila pikseli, katika kila fremu.

Pindo lina sababu yake. Chipu ya michoro haisomi tekseli moja peke yake. Huchanganya na majirani zake ili picha iwe laini. Ndani ya akiba, jirani wa ukurasa wa ukuta huenda ni ukurasa wa majani au wa uso wa mtu, kwa kuwa kurasa zinawekwa popote penye nafasi. Bila pindo, rangi za jirani huyo zingevuja, na ukuta ungekuwa na mistari myembamba ya rangi ngeni kila baada ya hatua ile ile. Mtengenezaji akiona gridi ya mistari kama hiyo, ajue pindo limekosekana au ni jembamba mno kwa aina ya ulainishaji anayotumia. Pindo la tekseli nne hugharimu asilimia 12 hivi ya akiba, na sidhani kuna mtu aliyejuta kuilipa.

Sasa tuseme ukurasa ule wa 307 kwa 614 haujafika. Jedwali halibaki tupu. Mstari wake unaelekezwa kwa mzazi, yaani ukurasa wa ngazi ya chini unaofunika eneo lile lile kwa ukungu zaidi. Ikiwa mzazi aliyepo ni wa hatua mbili chini, ngazi yake ina kurasa 256 kila upande. Sehemu ile ile ya 0.3 na 0.6 sasa inakuwa 76.8 na 153.6, na chipu inachota rangi kutoka ukurasa wa 76 kwa 153, popote ulipo ndani ya akiba. Mchezaji anaona ukuta uliofifia lakini wenye rangi sahihi. Ukurasa wa mwisho kabisa, ule wa dunia nzima, haufukuzwi kamwe, ili kila pikseli ipate jibu. Nauona uamuzi huu kuwa ndio uliofanya mbinu nzima iweze kutumika: kukosa data hakuzuii mchoro kuendelea, kunapunguza ukali wake tu.

Limebaki swali gumu: nani anajua kurasa gani zinahitajika? Mtu angeweza kukisia kwa kupima umbali wa kila kitu kutoka kwenye kamera. Makisio hayo huharibika haraka. Ukuta ulio karibu unaweza kuwa umefichwa na ukuta mwingine, sakafu inaonekana kwa mshazari na kuhitaji ngazi tano tofauti kwa wakati mmoja, na kitu chenye umbo la kupindapinda kinaonyesha upande mmoja tu. Jibu lililochukuliwa ni kuiuliza picha yenyewe. Kabla ya fremu kukamilika, dunia inachorwa mara nyingine kwenye skrini ndogo iliyofichwa, ambayo mchezaji haioni. Kwenye mchoro huo pikseli hazibebi rangi. Kila moja inaandika namba: nahitaji ukurasa huu, wa ngazi hii. Vitu vilivyofichwa havijitokezi kwa sababu vimefunikwa, kama katika mchoro wa kawaida. Huu ndio mchoro wa mrejesho.

J.M.P. van Waveren, aliyekuwa mhandisi wa id Software, alieleza mfumo huu hadharani kwenye mkutano wa SIGGRAPH wa mwaka 2009. Alionyesha kwamba skrini hiyo ya siri inaweza kuwa ndogo mara kumi kila upande. Kwa skrini ya 1,280 kwa 720 tunabaki na 128 kwa 72, namba 9,216 tu za kusoma. Prosesa inazipokea, inaondoa zilizojirudia, na kubaki na orodha ya kurasa mia kadhaa. Kwa nadharia zingetosha 64, kwa kuwa pikseli 921,600 zikigawanywa kwa tekseli 14,400 za ukurasa mmoja ndiyo hesabu inayotoka. Lakini ukurasa unaoonekana kwa kona tu ni lazima uletwe mzima, na dunia ina kona nyingi.

Udogo wa mchoro huo una mtego unaowanasa wengi wanaojenga mfumo huu kwa mara ya kwanza. Chipu huchagua ngazi kwa kutazama ni tekseli ngapi zinazopita kati ya pikseli moja na jirani yake. Skrini ikiwa ndogo mara kumi, tekseli zinazopita ni mara kumi, na chipu inadhani kila kitu kiko mbali. Itaomba kurasa zilizofifia kwa ngazi zaidi ya tatu kuliko inavyotakiwa. Dawa ni kupunguza 3.3 hivi kutoka kwenye ngazi inayohesabiwa, kwa sababu mbili ikizidishwa yenyewe mara hizo inakaribia kumi. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: simamisha kamera, subiri, na ukungu hauondoki. Ukungu wa kuchelewa huisha ukisimama. Huu haumalizi kwa sababu hakuna aliyeagiza kurasa kali.

Tatizo jingine la skrini ndogo ni vitu vyembamba. Waya, au bango dogo la mbali, linaweza kupita katikati ya pikseli mbili za mrejesho bila kugusa hata moja, na ukurasa wake usiombwe. Wahandisi husogeza mchoro wa siri kidogo kila fremu, sehemu ya pikseli huku na sehemu ya pikseli kule, ili baada ya fremu kadhaa kila kitu kiwe kimeonekana. Kioo na moshi husumbua zaidi, kwa sababu pikseli moja inaweza kuandika ombi moja tu, na nyuma ya kioo kuna ukuta unaohitaji wa kwake. Mara nyingi hupokezana: pikseli hii inaandikia kioo, jirani yake inaandikia kilicho nyuma.

Sasa turudi kwenye ule ukungu wa mwaka 2011. Mrejesho hueleza kilichohitajika, na kila hatua inayofuata inakula muda. Prosesa haiwezi kusoma mchoro wa siri papo hapo, maana ingelazimika kuisimamisha chipu ya michoro na kuisubiri imalize. Kwa kawaida inasoma wa fremu moja au mbili zilizopita. Rage ililenga fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo hapo kuchelewa ni kudogo. Kisha maombi yanapangwa. Mzazi huletwa kabla ya mtoto, na eneo lenye ukungu mkubwa hutangulia lile linalokaribia kuwa sawa. Kisha diski. Lenzi ya kisomeo cha DVD ikihama kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine hutumia takriban sehemu ya kumi ya sekunde, na katika muda huo fremu sita zimeshapita. Toleo la Xbox 360 liliuzwa likiwa kwenye diski tatu, na hata hivyo kurasa zilibanwa sana, kwa namna inayofanana na picha za JPEG. Chipu haiwezi kusoma mbano huo moja kwa moja. Prosesa inaufungua, halafu inaibana picha upya kwa mbano mwepesi unaosomwa na chipu. Hapo tena muda.

Ukurasa unapowasili na akiba imejaa, lazima mmoja utoke. Anayetoka ni yule ambaye hajaombwa kwa muda mrefu kuliko wote. Kanuni hii inafanya kazi vizuri mpaka siku skrini inapohitaji kurasa nyingi kuliko nafasi zilizopo. Hapo ukurasa unafukuzwa, fremu inayofuata unaombwa tena, unaletwa, unamfukuza mwingine ambaye naye anahitajika. Diski inafanya kazi bila kupumzika na picha haitulii. Dalili yake haifanani na zile mbili za mwanzo: kamera imesimama, lakini vipande vya picha vinapokezana ukali na ukungu. Kuongeza kasi ya diski hakusaidii hapo. Kinachosaidia ni kuamuru skrini nzima iridhike na ngazi iliyofifia kidogo, mpaka maombi yaenee ndani ya akiba, au kuongeza akiba yenyewe pale kumbukumbu inaporuhusu. Wenye kompyuta zenye kadi kubwa walipewa nafasi hiyo baadaye. Marekebisho ya Rage yaliongeza chaguo la ukubwa wa akiba ya tekscha.

Kuna lawama moja ambayo hakuna akiba ingeiponya. Mchezaji akisogea mpaka pua iguse ukuta, picha ilikuwa na ukungu na ilibaki hivyo. Chukua tekscha ile ya tekseli 131,072 uitandaze juu ya uwanja wa kilomita moja kwa moja, bila kuhesabu kuta, mapaa wala watu. Kila mita inapata tekseli 131, kila tekseli ikiwa na upana wa milimita saba na nusu hivi. Ukiinama kutazama mchanga, milimita saba ni kubwa. Picha ndogo ya mtindo wa zamani, inayorudiwa kila baada ya mita mbili, ingeonyesha mchanga huo kwa ukali zaidi. Carmack alinunua upekee wa kila mahali kwa kuuza ukali wa karibu, na nadhani hesabu hiyo ndiyo iliyoamua mwisho wa jambo. Doom Eternal ya mwaka 2020, kutoka id Software hiyo hiyo, iliachana na mtindo wa tekscha moja ya dunia nzima.

Mbinu yenyewe haikuachwa. Kuanzia mwaka 2013 DirectX 11.2 ya Microsoft iliiruhusu chipu kushika jedwali la kurasa yenyewe, kwa kurasa za kilobaiti 64, na hesabu niliyoifuata hapo juu kwa pikseli moja ikawa haihitaji kuandikwa na mtengenezaji wa gemu. DirectX 12 ikaongeza uwezo wa chipu kurekodi yenyewe sehemu za tekscha zilizosomwa wakati wa mchoro wa kawaida, hata mchoro wa pili wa siri usihitajike. Mwaka 2019 Unreal Engine 4.23 ilileta kurasa hizi kwa mtengenezaji yeyote anayeitumia injini hiyo. Hata hivyo wengi bado hujiandikia jedwali lao kwa mkono. DirectX hairuhusu tekscha moja ipite tekseli 16,384 kila upande, hata ikiwa sehemu kubwa yake haina kitu ndani, na kipimo hicho ni moja ya nane ya upana wa ile ya Rage. Mwenye kutaka ardhi kubwa zaidi ya hapo anarudi kwenye daftari lake mwenyewe, pindo la tekseli chache, na orodha ya maombi inayosomwa fremu mbili nyuma. Kilichobadilika sana kwake ni diski: za siku hizi hazina lenzi ya kuhamisha, na ukurasa ulioombwa huweza kufika kabla jicho halijamaliza kugeuka.